Kushusha sauti hakutoshi ukimkabili mwenzako anayejitwalia sifa za kazi yako

Wiki hii nimeyasikia tena. "Nilimwambia kwa upole kabisa, lakini akawaka." Nikamuuliza dada huyo alisema nini hasa. "Nilimwambia, kaka, una tabia ya kuniibia kazi."

Nasuluhisha wafanyakazi kila siku, na imani hii inanichosha: kwamba mazungumzo yakiwa ya sauti ya chini basi ni ya utulivu. "Tabia" na "kuiba" ni hukumu, hata ukizinong'ona. Ukimhukumu mtu atajitetea, na akishaanza kujitetea hamzungumzii tena kazi, mnazungumzia yeye ni mtu wa namna gani.

Tulikaa tukaanza upya. Alikuwa amepitia malalamiko ya wateja kwa wiki mbili, akayapanga kwa makundi na kuonyesha kwamba mengi yalitokana na ankara zinazochelewa. Mwenzake akatengeneza slaidi, akasimama kwenye kikao cha Jumatatu na kusema: "Nilipopitia malalamiko, niligundua tatizo ni ankara."

Nikamwambia achague tukio hilo moja tu. Alitaka kuongeza la mwezi uliopita na lile la mwaka jana, nikakataa. Ukileta matano, mwenzako atalitafuta lililo dhaifu kuliko yote na kubishana nawe hapo hapo. Kisha aandike sentensi mbili zisizo na neno ambalo mwenzake anaweza kulikana. Zikawa hivi: "Jumatatu ulisema ulipopitia malalamiko uligundua tatizo ni ankara. Malalamiko yale niliyapitia mimi, na jina langu halikutajwa." Hakuna "kila mara", hakuna "makusudi". Amwombe dakika kumi na tano faraghani, azitamke, halafu anyamaze.

Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Kimya kikizidi sekunde chache wanaanza kujieleza, "labda nimekosea, usinielewe vibaya", na hapo wameifuta kauli yao wenyewe. Mwache ajibu.

Alijibu alivyotarajiwa: "Lakini slaidi nimezitengeneza mimi, nimekesha." Hapa ndipo mazungumzo mengi huvunjika, kwa sababu mlalamikaji huona kwamba akikubali hilo ameshindwa. Kumbe ni kweli, alikesha. Mwaka 1979 wanasaikolojia Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, mchango wake katika kazi za nyumbani. Walipojumlisha majibu ya mume na mke, mara nyingi jumla ilizidi asilimia mia. Kila mtu anakumbuka jasho lake kwa urahisi kuliko la mwenzake. Kwa hiyo mwenzako anaweza kuwa anaamini kwa dhati kwamba kazi ni yake. Au anajua fika. Sitakudanganya, kwa kumtazama tu mara nyingi hata mimi siwezi kutofautisha, na uzuri wa kuanza na tukio ni kwamba huhitaji kujua.

Kwa hiyo anakubali kilicho kweli na kurudi kwenye chake: "Ni kweli, slaidi ni zako. Uchambuzi ni wangu." Akisikia "sisi ni timu moja", jibu ni lile lile: "Ndiyo, na timu ina watu wawili. Ametajwa mmoja."

Kisha ombi, na ombi liwe kitu kinachoweza kuonekana kikifanyika. "Naomba uniheshimu" halipimiki. "Kikao cha Alhamisi, sehemu ya uchambuzi niwasilishe mimi" linapimika. Ikifika Ijumaa mtajua limetimia au la. Wakikubaliana, amtumie ujumbe mfupi siku hiyo hiyo: "Asante kwa mazungumzo. Alhamisi nitawasilisha uchambuzi, wewe slaidi za mapendekezo." Ujumbe huo si mtego, unazuia kusahau, na pia unabaki.

Kuhusu kusema "niliumia", bado nina mashaka. Vitabu vingi vya kazi yangu vinasisitiza uitaje hisia yako. Kwa watu wanaoaminiana nimeona inafungua moyo. Kwa wanaoshindania cheo nimeona ikageuzwa kuwa "ana hasira tu", ikamrudia mwenyewe. Huyu nilimshauri aiache, naye akaona ni sawa.

Alhamisi aliwasilisha uchambuzi wake. Mwenzake alimkaribisha kwa shingo upande, lakini alimtaja jina. Likitokea tena, watazungumza mara ya pili kwa mpango huu huu, akikumbusha makubaliano ya kwanza. La tatu atalipeleka kwa msimamizi wao, na atakwenda na tarehe, maneno yaliyosemwa na ule ujumbe. Na kama anayejitwalia sifa ndiye msimamizi mwenyewe, usiutumie mpango huu kama ulivyo: anayepanga kazi zako na kukupima hawezi kukabiliwa kama mwenzako wa meza ya pili, na kwake ningeanza na ombi la kuwasilisha, bila kulitaja tukio.