Shanga na uzi wake

Mteja aliniwekea simu mezani akasema, "Wakili, jumbe hizi ukizisoma moja moja utanicheka." Nikazisoma. Jumatatu: "Habari za asubuhi." Jumatano: "Gauni la bluu limekupendeza." Ijumaa, shada la maua mlangoni bila jina. Jumapili saa tisa usiku, akaunti mpya inapenda picha zake za miaka mitano iliyopita, moja baada ya nyingine. Hakuna tusi wala tishio. Ila lile gauni alilivaa Jumatano hiyohiyo, na hakuwa ameweka picha yake popote.

Sheria ya jinai imezoea kuuliza: alifanya nini, lini, wapi? Kwa mtu anayeandamwa swali hilo halifiki mbali, kwa kuwa mara nyingi kila tendo peke yake ni halali. Ndiyo maana sheria ya Uingereza ya mwaka 1997 dhidi ya kubughudhi watu inatazama mwenendo, yaani mfululizo wa matendo. Matukio dhidi ya mtu mmoja lazima yawe angalau mawili, na mtendaji awe anajua, au alipaswa kujua, kwamba anambughudhi mwenzake. Kwa hiyo "nilikuwa nampenda tu" haimwokoi: kipimo ni vile ambavyo mtu mwenye busara, akijua aliyoyajua yeye, angeliona jambo hilo.

Lakini mawili hayatoshi kwa kuhesabu tu. Katika shauri la Lau, mwaka 2000, mwanamume alimpiga kofi mpenzi wake, kisha miezi kama minne baadaye akamtishia mpenzi mpya wa mwanamke huyo mbele yake. Mahakama ilifuta hatia ya kubughudhi, maana haikuona uzi unaoyaunganisha matukio hayo. Kadiri yanavyokuwa machache na yenye nafasi ndefu katikati, ndivyo uzi unavyokuwa mgumu kuonekana. Hata hivyo, mahakama ilikiri kwamba tishio linalorudi kila mwaka siku ya kuzaliwa ya mtu linaweza kuwa mwenendo. Mimi huupenda mfano huo kwa sababu pale uzi ni tarehe yenyewe.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kutafuta uzi. Nilimwomba mteja aandike upya kila tukio: siku, saa, nani mwingine aliona, na yeye alibadilisha nini baada ya hapo. Safu hii ya mwisho watu huisahau, nayo ndiyo inayoonyesha madhara: aliacha njia ya kawaida, akahamia chumba cha nyuma. Picha za skrini zionyeshe saa na jina la mtumiaji, pamoja na kiungo cha akaunti, kwa kuwa jina la kuonyesha hubadilishwa kwa sekunde. Alikuwa amefuta ujumbe wa miezi miwili kwa kuchukia kuuona. Hapo nilisikitika kweli.

Orodha ilipokamilika ilikuwa na mistari kumi na tisa. Mtu wa kwanza kuisoma kituoni aliuliza, "Amekutisha?" Nikamwonyesha mstari wa Jumatano, nikamwuliza aliyeutuma ujumbe huo alijuaje rangi ya gauni.