Kusoma fremu ya rejea kabla ya kugusa rangi zako

Mteja akiniletea filamu anayotaka klipu zake zifanane nayo, jambo la kwanza ninaloliangalia ni ile mistari myeusi iliyo juu na chini ya picha. Mistari hiyo ni nyeusi kabisa, kwa hiyo kwenye Waveform, grafu ya mwangaza katika programu ya rangi ya DaVinci Resolve, inayoanzia 0 hadi 1023, inapaswa kulala kwenye 0. Ukiikuta kwenye 64, programu imesoma viwango vya faili vibaya. Nenda Clip Attributes, weka Data Levels iwe Video, ndipo uendelee. Ukipuuza hilo utaiga weusi uliofifia ambao mwenye filamu hakuukusudia. Picha iliyopigwa moja kwa moja kutoka kwenye skrini siiamini sana, kwa sababu kichezeo na mipangilio ya skrini huenda vimeshabadilisha rangi.

Viwango vikishakuwa sawa, mistari hiyo ninaikata isichafue grafu. Kisha natafuta shoti inayolingana na yangu: ya ndani usiku kwa ya ndani usiku, uso wa karibu kwa uso wa karibu. Jangwa la mchana halitakufundisha lolote kuhusu chumba chenye taa moja.

Tuchukue mfano. Fremu ya rejea ina mtu kando ya taa ya mezani, amevaa koti jeusi, na karatasi nyeupe iko mbele yake. Nasoma sehemu chache tu: koti liko kwenye 50, upande wa uso ulioangaziwa 480, upande wenye kivuli 190. Shoti yangu ilirekodiwa kwa logi, yaani picha iliyofifia inayohifadhi mwanga mwingi, na baada ya kuigeuza kuwa Rec.709, kiwango cha kawaida cha video, uso una 600 na kivuli chake kiko mbali juu ya 190. Kwanza nashusha mwangaza, kwenye nodi, yaani hatua ya marekebisho, iliyo kabla ya ugeuzaji, mpaka uso ufike 480. Sasa kivuli kinasoma 300.

Hapa ndipo Pivot inapofanya kazi, kwenye nodi iliyo baada ya ugeuzaji. Contrast husukuma mwanga juu na giza chini kutoka kwenye nukta hiyo, na Resolve huiweka 0.435 yenyewe. Mimi naihamishia pale uso ulipo: 480 ukigawa kwa 1023 ni kama 0.47. Nikipandisha Contrast hadi 1.3, uso unabaki mahali pake na kivuli kinashuka hadi karibu 246. Usipohamisha Pivot, kila ukiongeza Contrast uso nao unasogea, na unabaki kukimbizana nao. Koti likizama mno, nalipandisha hadi 50 kwa Lift, kidhibiti cha sehemu za giza, katika nodi inayofuata. Kazi hii yote naifanya Saturation ikiwa 0 kwa fremu zote mbili, maana rangi hudanganya jicho kuhusu mwanga.

Kutoka 246 hadi 190 kungehitaji Contrast ya 1.6 hivi, na hapo ngozi inaanza kuwa ngumu, na mwanga wa taa unapoteza maelezo yake. Tofauti iliyobaki ilitengenezwa na taa siku ya kurekodi. Ninachoweza ni kuweka Power Window, umbo linalotenga sehemu ya picha, lenye kingo laini upande wa kivuli na kuushusha kidogo. Mtu akigeuza kichwa, inabidi ifuatishwe.

Rangi sasa, Saturation ikiwa imerudi 50. Kwenye Parade, grafu inayotenganisha nyekundu, kijani na bluu, sitafuti wastani wa picha nzima, kwa kuwa ukuta wa bluu si sawa na picha iliyotiwa bluu. Nasoma vitu ambavyo najua rangi yake halisi. Karatasi nyeupe ya rejea ina nyekundu 700, kijani 670, bluu 600, yaani mwanga umepashwa joto. Koti jeusi lina bluu iliyo juu kidogo ya nyekundu, yaani giza limepozwa. Kwa hiyo Gain, kidhibiti cha sehemu za mwanga, naipeleka kwenye chungwa mpaka karatasi yangu isome vivyo hivyo, na Lift kwenye bluu. Viwili hivi huingiliana, hivyo narudi kwa kila kimoja.

Ngozi ndiyo inayoniambia nimezidisha. Kwenye Vectorscope, grafu ya duara inayoonyesha aina ya rangi na ukolezi wake, kuna mstari wa ngozi kati ya nyekundu na njano, nao hufaa kwa ngozi nyeusi na nyeupe pia, kwa kuwa tofauti kubwa iko kwenye mwangaza. Ngozi ya rejea ikiwa karibu na mstari na yangu imeegemea njano, napunguza chungwa la Gain hata kama karatasi haitalingana tena. Mtazamaji hukagua uso, si karatasi.

Saturation naiacha mwisho, kwa sababu Contrast imeshaipandisha. Kwa shoti hii, kuitoa 50 hadi 43 kulitosha.