Urefu wa viza ya baada ya masomo

"Uingereza inatoa miaka 2 baada ya shahada, Ujerumani miezi 18. Si Uingereza ndiyo bora?"

Hapana. Tazama kinachofuata viza hiyo. Mhandisi kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, akihitimu Uingereza, muda huo hauhesabiwi kuelekea ukaazi wa kudumu kupitia viza ya kazi, na ili abaki kwa kawaida lazima apate mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, tena kwa mshahara usiopungua kiwango cha serikali. Waajiri wengi hawana leseni hiyo.

Akihitimu Ujerumani na kupata kazi inayolingana na elimu yake, baada ya miaka 2 ya kuichangia pensheni anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kikwazo ni Kijerumani cha kiwango cha kati, yaani B1. Kozi kufundishwa kwa Kiingereza hakumwondolei sharti hilo, kwa hiyo aanze kujifunza angali Nairobi.