Siku za kazi kwenye Excel: dedilaini inayoruka wikiendi na sikukuu yenyewe

Siku za kazi ni zile siku ambazo ofisi iko wazi kweli, ukishatoa wikiendi na sikukuu, na ndo zinazotajwa kwenye barua nyingi tunazopokea huku Mtwara, "ndani ya siku kumi za kazi" na kadhalika. Shida ni kwamba watu wengi wakishaandika tarehe kwenye Excel wanajumlisha tu, A2+10, na Excel kwa hiyo fomula haijui Jumapili ni nini, inasogeza tarehe kumi mbele basi.

Tuchukue mfano wa chama cha msingi kule Newala, wamepokea kazi ya kuhakiki majina ya wakulima wa kupewa salfa Alhamisi tarehe 17 Aprili 2025, wamepewa siku 10 za kazi. Ukijumlisha kawaida unapata 27 Aprili, Jumapili, hakuna mtu ofisini. Ukitumia WORKDAY bila orodha ya sikukuu inaruka Jumamosi na Jumapili inakupa 1 Mei, ambayo ni Mei Mosi, watu wako uwanjani na mabango. Fomula inayotakiwa ni hii:

```
=WORKDAY(A2,B2,Sikukuu!$A$2:$A$30)
```

A2 ni tarehe ya kuanza, B2 ni idadi ya siku, na Sikukuu ni jina la shiti ya pembeni ambayo umeorodhesha tarehe za mapumziko. Hapo Excel inaruka Ijumaa Kuu ya 18, inaruka Jumatatu ya Pasaka 21, inaanza kuhesabu Jumanne 22 kama siku ya kwanza, na ikifika Mei Mosi inairuka pia, siku ya kumi inaangukia Jumanne 6 Mei. Muungano mwaka huo ilikuwa Jumamosi, kwahiyo kuwepo kwake kwenye orodha hakuongezi kitu, siku hairukwi mara mbili. Ukiona seli imekuletea 45783 badala ya tarehe usishtuke, jibu ni lilelile, badilisha tu muonekano wa seli uwe wa tarehe.

Angalia pia kwamba siku ya kuanza yenyewe haihesabiwi. Kama kwenu mnahesabu kuanzia siku ileile barua ilipofika, andika A2-1 kwenye fomula badala ya A2.

Zile alama za dola usiziache. Ukiburuta fomula kwenda chini bila dola, orodha inashuka nayo, mstari wa pili unaanza kusoma A3, wa tatu A4, na sikukuu za juu zinapotea mojamoja bila kosa lolote kuonekana.

Sehemu inayoumiza watu zaidi ni tarehe za orodha yenyewe. Kompyuta nyingi zimesetiwa kimarekani, mwezi kwanza siku baadae. Ukiandika 1/5/2025 ukimaanisha Mei Mosi, yenyewe inasoma Januari 5 na inakaa kimya kabisa, alafu dedilaini zako zinaanza kuangukia Mei Mosi. Karume ya 7/4 inageuka Julai 4. Saba Saba na Nane Nane zinatoka sawa kwa sababu namba zinafanana, kwahiyo ukizitupia jicho hizo tu unaamini orodha yote iko vizuri. Na 26/4/2025 inabaki maandishi tu maana hakuna mwezi wa 26, utaiona imelalia kushoto mwa seli wakati tarehe halisi zinalalia kulia, na fomula inaweza kukurudishia #VALUE!. Dawa yake ni kuandika hivi:

```
=DATE(2025,5,1)
```

Mwaka, mwezi, siku, haigeuki hata ukihamisha faili kompyuta nyingine.

Sasa kuna sehemu Jumamosi ni kazi, maghala na maduka mengi ya Lindi na Masasi hayafungi. Hapo tumia WORKDAY.INTL, ile 11 inamaanisha pumziko ni Jumapili peke yake:

```
=WORKDAY.INTL(A2,B2,11,Sikukuu!$A$2:$A$30)
```

Kazi ileile ya Newala kwa hesabu hii inaisha Jumamosi 3 Mei, na hapa Muungano sasa inahesabika kama siku iliyorukwa, kwa sababu hiyo Jumamosi ingekuwa ya kazi.

Idd na Maulid zinafuata mwezi, kwahiyo weka tarehe inayotarajiwa, mwezi ukitangazwa rekebisha seli hiyo moja na dedilaini zote zinajipanga upya. Na usiishie Desemba: kazi ikivuka mwaka wakati orodha haina 1 Januari wala Mapinduzi ya 12, Excel itazihesabu kama siku za kazi bila kukuambia. Linganisha tarehe ya mwisho ya orodha na dedilaini ya mbali kuliko zote, kama dedilaini imeipita ongeza sikukuu za mwaka unaofuata kwanza ndo uamini jibu.