Kikombe cha Maziwa kwa Mwenye Ugonjwa wa Figo: Maswali na Majibu

Mama ana miaka 58, kilo 60, figo zake ziko hatua ya 4 na hajaanza kusafishwa damu. Hunywa vikombe viwili vya maziwa kwa siku na kikombe kimoja cha mtindi usiku. Ameambiwa fosforasi imepanda. Aache maziwa kabisa?

Asiache kabisa kwa uamuzi wake mwenyewe, ila kiasi hicho ni kikubwa kwa hali yake, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya ng'ombe kina takriban gramu 8 za protini, miligramu 220 za fosforasi na miligramu 350 za potasiamu. Kikombe cha mtindi wa kawaida usiotiwa kitu hakiachani sana na hapo, ingawa ule mzito uliokamuliwa maji huwa na protini nyingi zaidi. Vikombe vyake vitatu vinampa karibu gramu 24 za protini, miligramu 670 za fosforasi na zaidi kidogo ya miligramu 1,000 za potasiamu.

Mgonjwa mtu mzima ambaye hajaanza dialisisi, hana kisukari na hali yake imetulia, mara nyingi hupangiwa gramu 0.55 hadi 0.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, chini ya uangalizi. Kwa kilo 60 hiyo ni kama gramu 33 hadi 36. Mwenye kisukari huachiwa zaidi, gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kilo. Kwa hiyo kama mama hana kisukari, maziwa na mtindi peke yake yanakula theluthi mbili ya protini yake ya siku, kabla hajagusa maharage, yai, samaki wala nafaka. Upande wa fosforasi, wataalamu wengi wa lishe hufanya kazi na mpaka wa miligramu 800 hadi 1,000 kwa siku inapokuwa imepanda kwenye damu. Amekwisha kutumia sehemu kubwa ya mpaka huo kwa vinywaji tu.

Mtaalamu wa lishe akiiona hesabu hii anaweza, kwa mfano, kumshusha hadi nusu kikombe kwa siku, yaani mililita 125 za maziwa au za mtindi, kimojawapo. Hapo fosforasi ya maziwa inashuka kutoka 670 hadi kama 110, na protini kutoka gramu 24 hadi 4. Gramu 20 zilizoondoka si lazima zote zipotee: sehemu yake hurudishwa kwa chakula chenye fosforasi kidogo kwa kila gramu ya protini, na ute mweupe wa yai ndio mfano mzuri kuliko yote. Hapa ndipo wanaojikatia wenyewe huumia. Wanaondoa maziwa, kisha nyama, kisha maharage, na baada ya miezi michache misuli imekwisha. Kupungua kilo bila kukusudia ni dalili mbaya kwa mgonjwa wa figo, wala si ushahidi kwamba lishe inafanya kazi.

Fosforasi ikiwa juu inadhuru nini? Mbona hasikii chochote?

Kwa muda mrefu mgonjwa hasikii kitu. Figo zikidhoofika hushindwa kutoa fosforasi kwenye mkojo. Mwili hujibu kwa kuongeza homoni, na mojawapo hutoka kwenye tezi nne ndogo zilizo shingoni. Homoni hiyo huzilazimisha figo zilizobaki zitoe zaidi, lakini wakati huohuo huvuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Ndiyo maana kipimo cha fosforasi kinaweza kusoma sawa huku mifupa ikiwa imeanza kulipa gharama, na ndiyo maana daktari huagiza pia kalsiamu na homoni hiyo ya tezi. Baadaye kalsiamu na fosforasi hujishikiza kwenye kuta za mishipa ya damu na kuifanya migumu. Kuwashwa ngozi, macho mekundu na maumivu ya mifupa huja kwa kuchelewa, na kwa baadhi ya watu hayaji kabisa. Usiyasubiri.

Maziwa yaliyotolewa mafuta si salama zaidi?

Kwa figo, hapana. Fosforasi, potasiamu na protini ziko kwenye sehemu ya maji ya maziwa, si kwenye mafuta. Ukitoa mafuta, vyote vitatu vinabaki, na kwa kikombe kilekile huwa hata vimezidi kidogo. Kwa sababu hiyohiyo siagi na krimu zina fosforasi na potasiamu kidogo mno: kijiko cha siagi kina miligramu chache tu. Hilo halimaanishi zitumike ovyo, maana mafuta yake yanahusu moyo, na moyo wa mgonjwa wa figo tayari uko hatarini.

Maziwa ya unga nayo ni maziwa yaliyotolewa maji. Vijiko vichache vikitiwa kwenye uji ili "kuutia nguvu" vinaweza kuwa sawa na kikombe kizima, na hakuna anayevihesabu.

Je, kuyachemsha sana au kuyaongeza maji kunapunguza potasiamu?

Mboga zikichemshwa, potasiamu huingia kwenye maji na maji yale humwagwa. Maziwa hayana cha kumwaga. Ukiyachemsha muda mrefu maji ndiyo yanayopaa, na kilichobaki kwenye sufuria kimekolea zaidi kuliko mwanzo. Kuongeza maji kunasaidia tu ikiwa maziwa yenyewe yamepungua kikombeni: nusu maziwa na nusu maji ni nusu ya mzigo. Lakini aliyepangiwa kiasi cha maji kwa siku lazima auhesabu ujazo wote, maziwa na maji pamoja. Mtindi pia huhesabiwa kama kimiminika.

Jibini je? Nimesikia potasiamu yake ni ndogo.

Ni kweli kwa jibini ngumu. Maziwa yakigandishwa, potasiamu nyingi huondoka na maji yanayokamuliwa, kwa hiyo kipande cha gramu 30 hubaki na chini ya miligramu 30. Tatizo ni kwamba protini na fosforasi hubaki kwenye bonge: kipande hichohicho kina karibu gramu 7 za protini na miligramu 140 za fosforasi, pamoja na chumvi. Mwenye potasiamu ya juu na fosforasi nzuri anaweza kuruhusiwa kipande kidogo. Mwenye fosforasi ya juu ataambiwa vingine.

Jibini ya viwandani, ile laini ya vipande vyembamba au ya kupaka, ni jambo jingine, na tungependa kila mgonjwa alielewe. Ili iyeyuke vizuri bila mafuta kujitenga, hutiwa chumvi za fosfeti. Fosforasi iliyomo kiasili kwenye maziwa na nyama hufyonzwa na utumbo kwa takriban asilimia 40 hadi 60. Ile ya kuongezwa kiwandani haijashikamana na protini, kwa hiyo hufyonzwa karibu yote, asilimia 90 au zaidi. Miligramu 200 za kipande hicho ni mzigo mzito kuliko miligramu 200 za maziwa.

Soma orodha ya viambato kwenye pakiti. Tafuta neno lolote lenye "fosfeti" au "phosphate", au namba E339, E340, E341, E450, E451 na E452. E340 ina ubaya wa ziada kwa sababu ni fosfeti ya potasiamu, hivyo inaongeza vyote viwili. Pakiti nyingi haziandiki miligramu za fosforasi, na orodha hiyo ndiyo njia pekee ya kujua. Angalia vivyo hivyo kwenye vinywaji vya maziwa vilivyotiwa ladha na kwenye maziwa ya mimea. Maziwa ya mchele kwa asili yana fosforasi na potasiamu kidogo, lakini yakiongezwa fosfeti ya kalsiamu faida hiyo hupotea.

Jirani yetu anasafishwa damu na ameambiwa aongeze protini. Mbona mama anaambiwa apunguze?

Wote wawili wameambiwa yaliyo sahihi. Kabla ya dialisisi, protini ikipunguzwa taka zake hupungua na figo zilizobaki hupata nafuu. Dialisisi ikianza, taka hutolewa na mashine, lakini matibabu yenyewe hupoteza protini, hasa dialisisi ile inayofanywa kupitia tumboni badala ya mashine ya damu. Mahitaji hupanda hadi gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 60 hadi 72, karibu mara mbili ya mama.

Hata hivyo jirani naye hawezi kuipata yote kwenye maziwa, kwani fosforasi ingemlemea: kipindi kimoja cha saa nne kwa mashine hutoa takriban miligramu 800 hadi 1,000 tu, na wengi huenda mara tatu kwa wiki. Ndiyo sababu hupewa dawa za kunasa fosforasi, kama kalsiamu kaboneti au sevelama. Dawa hizi hufanya kazi ndani ya utumbo, zikikutana na chakula. Kosa tunaloliona sana ni kuzimeza asubuhi na tumbo tupu, kisha maziwa yanakuja usiku peke yake na hayana wa kuyanasa. Akiulizwa kwenye kliniki husema, na ni kweli, kwamba hajakosa dozi hata moja. Muda wake ndio uliokosewa. Kama kuna maziwa katika ratiba yake, ayatumie pamoja na mlo ambao dawa inamezwa.

Na potasiamu, tuihofu kiasi gani?

Kipimo ndicho kinachosema. Kwa kawaida damu huwa na milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Wengi wa hatua ya 3 na ya 4 wako ndani ya mpaka huo na hawahitaji kubanwa. Inapopanda, maziwa huenda si chanzo kikuu: dawa za presha kama enalapril na losartan, au spironolactone, huipandisha, vilevile sukari isiyodhibitiwa, kukosa choo, na chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa potasiamu. Usiache dawa hizo bila daktari, kwani baadhi ndizo zinazolinda figo.

Ikifika 6 na kuendelea inaweza kuvuruga mapigo ya moyo bila onyo. Misuli ikilegea ghafla, moyo ukidunda vibaya au mtu akizimia, nendeni hospitali saa hiyohiyo.

Tukienda kliniki tubebe nini?

Andikeni vyote alivyokula na kunywa kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya mapumziko. Pimeni kikombe chake kwa chombo chenye alama za mililita, kwa sababu vikombe vingi vikubwa huingia mililita 350 hadi 400, na "vikombe viwili" vinageuka kuwa vitatu. Bebeni majibu ya damu ya karibuni, yaani potasiamu, fosforasi, kalsiamu, kreatinini na albumini, pamoja na dawa zote na pakiti za vyakula vya viwandani mnavyotumia. Ulizeni kiasi kwa mililita na gramu, si "kidogo", na muulize kipimo kirudiwe lini, kwa kuwa kiasi hicho hubadilika damu ikibadilika. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa figo, msipunguze maziwa hata kidogo kabla ya kuonana na wataalamu: bado anakua, na mahesabu haya ya watu wazima hayamhusu.