Hotspoti Haihitaji Bando, Jamani

Kila wiki lazima atokee mmoja: "Kaka, bando limekata, sasa Mini Militia tutachezaje?" Mtacheza kama kawaida! Simu yenye hotspoti inafanya kazi ya ruta tu. Inampa kila aliyejiunga anwani yake, kisha inapitisha data toka simu hii kwenda ile. Risasi unayompiga mwenzako aliyekaa kochi la pili haina safari ya kwenda mnarani. Bando likiliwa, ujue mwenye hotspoti kaacha data imewashwa, na walaji ni WhatsApp na masasisho ya simu za wageni. Zima data, washa hotspoti. iPhone ikileta maringo, awashe mwenye Android.

Gemu nayo iwe na sehemu ya LAN, yaani ya kucheza simu kwa simu kwenye waifai moja bila intaneti. Free Fire na PUBG Mobile zinategemea seva za mbali, hata mkibanana kitanda kimoja.

Sasa linalonichosha. Wageni nao wazime data! Android ikigundua waifai haina intaneti, inauliza kama ubaki hapo. Mtu anabonyeza hapana bila kusoma, au simu inarudi kwenye data kimyakimya, halafu analalamika haoni mchezo. Kubali kubaki, weka tiki isiulize tena.

Tuseme mko wanne, watatu wanaonana, wa nne haoni kitu. Msianze kuzima na kuwasha simu zote. Fungua maelezo ya waifai kwenye simu ya nne, usome anwani ya IP. Kama wenzake wana 192.168.43 na namba ya mwisho tofauti, naye aanze hivyohivyo. (Simu mpya zinaweza kuwa na namba nyingine; muhimu zifanane.) Ukikuta 169.254, hajapewa anwani: asahau mtandao, ajiunge upya. Anwani ikiwa sawa, angalia kama VPN imewashwa, maana vijana wanaisahau humo, kisha mlinganishe toleo la gemu.

Bado haoni? Gemu hujitangaza kwa ujumbe unaorushwa kwa wote, na ujumbe huo ndio hupotea kirahisi. Kwenye Minecraft unaweza kuukwepa: ongeza seva kwa mkono, andika IP ya simu iliyofungua dunia, bandari 19132.

Nani afungue mchezo? Mimi huanza na mwenye hotspoti, kwa sababu zipo simu ambazo hotspoti yake haiwaruhusu wageni kuonana wao kwa wao. Lakini nimekuta pia gemu inayojitafutia anwani upande wa waifai, na simu inayorusha hotspoti haina kitu upande huo. Hapo mpaka mgeni afungue ndipo mambo yaende. Kanuni moja ya simu zote sina. Dakika mbili zikipita bila majina kutokea, mpeni mwingine afungue.