Lita za oksijeni si asilimia ya oksijeni

Zamu zinapobadilishana wodini, muuguzi humwambia mwenzake, "Huyu yuko lita nne." Maneno hayo yanaeleza oksijeni inayotoka kwenye mtungi kila dakika. Hayaelezi oksijeni inayoingia mapafuni, na tofauti ya hivyo viwili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kinachoingia mapafuni hupimwa kwa asilimia. Kwenye fomu huandikwa FiO2, yaani sehemu ya oksijeni katika hewa yote anayovuta mtu. Hewa ya kawaida ina asilimia 21. Ukimvika mgonjwa kifaa, oksijeni yake huchanganyika na hewa ya chumbani, na mchanganyiko huo ndio anaovuta.

Mtungi hutoa oksijeni mfululizo, lakini binadamu huvuta hewa kwa mikupuo. Mtu mzima aliyetulia, pale anapovuta, hewa huingia kwa kasi ya kama lita 30 kwa dakika. Tuseme amewekewa vibomba vya puani kwa lita 2. Lita 28 zilizobaki lazima zitoke chumbani, nazo zina asilimia 21 tu. Hesabu yake ni hii:

```
(2 × 100 + 28 × 21) ÷ 30 = 26
```

Anavuta takriban asilimia 26. Sasa mtu huyohuyo awe na nimonia, anahema, mbavu zinabonyea, na kasi ya kuvuta imefika lita 60. Kipimo cha mtungi hakijaguswa:

```
(2 × 100 + 58 × 21) ÷ 60 = 24
```

Anayehitaji oksijeni zaidi ndiye anayepata asilimia ndogo zaidi. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuzidiwa na mtu akaapa kwamba oksijeni haijapunguzwa. Kweli haijapunguzwa, imezimuliwa.

Wengi tulikaririshwa kwamba kwa vibomba vya puani lita 1 ni asilimia 24, na kila lita inayoongezwa inaleta 4, hivyo lita 4 ni 36. Kanuni hiyo inazidi kidogo hesabu yangu, na sababu ipo: kati ya kutoa pumzi na kuvuta nyingine kuna kituo kifupi, na katika kituo hicho oksijeni hujaa nyuma ya pua ikisubiri pumzi ijayo. Anayehema hana kituo hicho, kwa hiyo kanuni inamfaa mtu aliyetulia tu. Ichukulie kama makadirio, kisha uangalie kipima oksijeni cha kidoleni na uhesabu pumzi.

Vibomba hutumika zaidi kati ya lita 1 na 4. Ukizidisha, pua hukauka, huuma, na huweza kutoa damu.

Barakoa ya kawaida hukusanya oksijeni mbele ya uso, hivyo kwa lita 6 hadi 10 inaweza kufikisha asilimia 40 hadi 60. Lakini nafasi hiyohiyo hukusanya pia hewa chafu anayoitoa mgonjwa. Oksijeni inayoingia ndiyo inayoifukuza, na chini ya lita 5 haina nguvu ya kutosha. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni mtu kumtoa mgonjwa kwenye vibomba vya lita 2 na kumvika barakoa kwa lita hizohizo 2, akiamini barakoa "ina nguvu zaidi". Mgonjwa anaanza kuvuta tena kabonidioksidi yake mwenyewe. Pumzi huenda mbio, na mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kusinzia huku namba ya kidoleni ikionekana nzuri. Kama lita 2 zinamtosha, mrudishie vibomba.

Barakoa yenye mfuko huenda mbali zaidi, kwa lita 10 hadi 15. Mfuko ujazwe kwanza kabla ya kumvika. Ukisinyaa kabisa kila anapovuta, mtiririko hautoshi.

Kifaa kinachoweza kukuhakikishia asilimia ni barakoa ya Venturi. Pale mrija unapoungana na barakoa kuna valvu iliyoandikwa asilimia na lita za kuweka. Oksijeni hupita kwenye tundu jembamba kwa kasi na kukokota hewa ya chumbani kwa uwiano usiobadilika. Valvu ya asilimia 28, kwa mfano, kila lita ya oksijeni hukokota kama lita 10 za hewa; ukiweka lita 4, mgonjwa anafikiwa na lita 44, kiasi kinachozidi zile 30 za mtu aliyetulia. Kwa hiyo havuti hewa ya pembeni. Ndiyo huchaguliwa kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, ambaye huwekewa lengo la 88 hadi 92 kidoleni. Hapa kuongeza lita hakupandishi asilimia, maana hewa inayokokotwa nayo huongezeka. Ukitaka asilimia nyingine, badilisha valvu.